Kadi Inayosafiri Peke Yake: Maneno kwa Kamati ya Matembezi ya Hisani

Ndugu mwenyekiti, wanakamati wenzangu, na ninyi vijana mliojitolea kutengeneza matangazo: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nimepewa nusu saa nizungumzie zile kadi za matembezi ya hisani, picha tano au sita ambazo mtu huzitelezesha kwa kidole kwenye simu moja baada ya nyingine. Kadi ya njia, ya ahadi za michango, ya usalama, ya vitu vya kubeba, ya kujiandikisha. Nimeambiwa nizungumzie zote. Nitazizungumzia, ila si kwa kipimo kimoja. Ya vitu vya kubeba nitaipita mbio, kwa sababu hata mkiikosea, watu watakuja na kofia zao. Ya ahadi nitakaa nayo, maana ndiyo inayoleta pesa na ndiyo inayoleta ugomvi.

Nianze na jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua nimeshachelewa. Ninyi mnatengeneza kadi sita zikiwa familia moja. Ya kwanza ina jina la matembezi, tarehe na mahali, nyingine zinafuata. Mnaziangalia zikiwa zimepangwa mnaridhika. Lakini mtu akitaka kumwambia shangazi yake kuhusu matembezi, hatumi familia nzima. Anatuma kadi moja, ile iliyomgusa, kwenye kundi la ukoo. Shangazi anapokea orodha ya vitu vya kubeba: viatu, kofia, chupa ya maji. Vya kwenda wapi? Lini? Haipo. Mwaka mmoja tulipigiwa simu mpaka tukachoka, na kila aliyepiga aliuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kwenye kadi ya kwanza ambayo hakuwahi kuiona.

Kwa hiyo kila kadi iwe na mstari mmoja chini kabisa, uleule, usiobadilika: jina la matembezi, siku na tarehe, saa ya kuanza, mahali pa kukutania, namba ya simu ya kuuliza. Vijana watasema mstari huo unaharibu sura ya kadi. Ni kweli unaiharibu kidogo. Uwekeni hivyohivyo.

Na hiyo saa ya kuanza, jamani, iandikeni Kiswahili. Mkiandika "7:00" peke yake, yuko atakayesoma saa saba mchana na atafika akakuta mnakunja turubai. Mkiandika "saa 1:00" bila neno "asubuhi", yuko atakayeweka kengele ya simu yake saa saba usiku wa manane, kwa kuwa simu imeandika 1:00. Andikeni "saa 1:00 asubuhi, jua likichomoza", au chochote kinachomfunga msomaji asikwepe. Halafu mtenganishe saa ya kufika na saa ya kuondoka. Watu huchukulia saa iliyoandikwa kuwa ni saa ya kufika, na wengine huichukulia kuwa ni saa ya kuanza kuoga.

Sasa njia. Ili tusizungumze hewani, tuchukue matembezi ya mfano: kilomita 8, watu 120, mchanganyiko wa vijana, wazee na watoto, kuondoka saa 1:00 asubuhi. Kadi ya njia itabeba mchoro mmoja na mistari michache. Lakini kabla ya mchoro huo kuna kazi ya miguu, na hakuna namna ya kuikwepa. Lazima watu wawili waitembee njia yote, siku ileile ya wiki na saa ileile ambayo matembezi yatafanyika. Sisi tuliwahi kuikagua njia Jumatano alasiri. Nzuri, ina kivuli, haina magari. Jumapili ya tukio tukafika kilomita ya tatu na watu zaidi ya mia nyuma yetu tukakuta geti la njia ya miguu limefungwa kwa kufuli. Kumbe Jumapili mlinzi hulifungua saa mbili. Tulisimama pale dakika arobaini tukiimba.

Wakaguzi wale wawili wapime urefu. Simu inapima vizuri kwa matumizi yetu, ila chini ya miti mingi na kati ya majengo marefu huwa inarukaruka na kuongeza mita ambazo hamkuzitembea. Pimeni mara mbili kwa simu mbili tofauti, na vipimo vikipishana sana, tafuteni baiskeli yenye kihesabu kilomita mpime mara ya tatu. Msipime kwa kukadiria kwenye ramani. Kidole kwenye ramani hukosea, mara kikapunguza, mara kikaongeza. Nitarudi kwenye hili tukifika kwenye ahadi, kwa sababu hapo ndipo lilipotuuma.

Baada ya urefu, hesabuni muda. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare. Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembea milimani wanaitumia hadi leo: kwa vipimo vyetu ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ina kilima kimoja cha mita 60, basi hicho ni dakika sita tu, hakitusumbui. Kinachotusumbua ni kwamba Naismith alikuwa akiwapigia hesabu watu wenye nguvu zao. Mtu wetu wa mwisho, yule bibi mwenye fimbo aliyekuja na wajukuu, anakwenda kilomita 3 kwa saa. Kilomita 8 zitamchukua saa mbili na dakika arobaini. Ongeza vituo viwili vya maji, dakika kumi kila kimoja, inakuwa saa tatu kamili. Kwa hiyo wa kwanza watamaliza kama saa tatu kasorobo, na wa mwisho saa nne. Namba ya kuweka kwenye kadi ni hiyo ya saa nne, tena kwa maneno yanayoeleweka: "Njia itakuwa na waelekezi hadi saa 4:15 asubuhi." Mtu mwenye mguu mbovu akisoma hivyo anajua anaweza kuja. Mkiandika "matembezi ya saa moja na nusu", mmeshamwambia abaki nyumbani.

Kuna kitu kingine kwenye njia ambacho hakionekani kwenye mchoro, nacho ni kuvuka barabara. Watu 120 wakitembea wawiliwawili ni safu 60. Kati ya safu na safu kuna kama mita moja na nusu, basi msafara una urefu wa mita 90 hivi. Safu zinapita mahali pamoja kila baada ya sekunde moja na kidogo. Ukisimama kwenye kivuko na saa mkononi, utahesabu zaidi ya dakika moja kabla safu ya mwisho haijaingia barabarani. Hakuna taa ya waenda kwa miguu itakayowasubiri dakika nzima, na dereva naye akishasubiri hivyo huanza kusogea kidogokidogo. Hapo msafara unakatika, na waliobaki nyuma wanakimbia kuwafuata wenzao. Ajali hutafutwa namna hiyo.

Dawa yake ni kuwaachia watu kwa mafungu. Mafungu manne ya watu 30, kila moja likiondoka dakika tatu baada ya lililotangulia. Fungu la watu 30 ni safu 15, linavuka kwa sekunde ishirini hivi. Na hili ni la kwenye kadi, maana mtembeaji lazima ajue fungu lake kabla hajafika: fungu la kwanza saa 1:00, la pili saa 1:03, la tatu saa 1:06, la nne saa 1:09. Wenye watoto na wazee wawekwe la kwanza. Wengi huwaweka la mwisho wakidhani ni adabu kuwapa nafasi wenye kasi, na matokeo yake walio taratibu wanaachwa peke yao nyuma huku maji yameisha vituoni.

Mchoro wenyewe uwe na vitu vitano: mwanzo, mwisho, mishale ya uelekeo, vituo vya maji, na vivuko. Majina ya barabara mawili matatu yanatosha. Halafu kila kilomita ipewe herufi na ibandikwe kibao njiani: A, B, C, mpaka H. Tutaziona herufi hizo zikifanya kazi tukifika kwenye usalama.

Haya, ahadi.

Kuna ahadi za aina mbili, na kadi nyingi huzichanganya. Ya kwanza ni ya mkupuo: mchangiaji anasema nitatoa kiasi fulani ukitembea, basi. Ya pili ni ya kwa kilomita: nitatoa kiasi fulani kwa kila kilomita utakayoimaliza. Ya pili inapendeza kwa sababu inampa mtembeaji sababu ya kuendelea anapochoka, na mchangiaji naye anajisikia yumo njiani. Lakini ndiyo yenye miiba.

Tumchukue mtembeaji mmoja. Nitahesabu kwa vipande, ninyi wekeni fedha yoyote mnayotumia. Ana wachangiaji kumi na wawili. Saba wametoa ahadi ya mkupuo: wanne vipande 100 kila mmoja, watatu vipande 50. Hiyo ni 550. Watano waliobaki wameahidi kwa kilomita: wawili 20, wawili 10, mmoja 5. Jumla yao ni 65 kwa kila kilomita. Akimaliza kilomita zote 8 ni 520. Ukiongeza 550 unapata 1,070. Akiishia kilomita ya 6, ni 390 jumlisha 550, yaani 940.

Hesabu imekaa sawa, lakini mwangalieni mchangiaji mmoja wa vipande 20. Aliahidi kwenye ngazi, akiwa na haraka, mtembeaji akimwambia "nipe ishirini tu". Kichwani mwake alisikia ishirini. Wiki mbili baadaye anaombwa 160. Atalipa, pengine, ila mwaka ujao mkimpigia simu hapokei. Kwa sababu hiyo karatasi ya ahadi iwe na safu ya kikomo. Mchangiaji anaandika: 20 kwa kilomita, isizidi 100. Kwa yule mtu mmoja tumepoteza vipande 60, jumla inashuka kutoka 1,070 hadi 1,010, na tumebaki naye. Mimi nachukua 1,010.

Karatasi hiyo basi ina safu sita: jina la mchangiaji, simu, mkupuo, kwa kilomita, kikomo, na kiasi kilicholipwa pamoja na tarehe. Kwenye kadi msiweke karatasi nzima, haitasomeka. Wekeni mstari mmoja tu uliojazwa kwa mwandiko wa mkono, mkubwa, mtu aone namna ya kujaza. Mfano mmoja uliojazwa unaeleza kuliko aya nzima ya maelekezo.

Sasa lile la vipimo. Mwaka wetu wa kwanza tulitangaza kilomita 10. Tulizipata kwenye ramani, kwa kidole na rula. Watembeaji wakakusanya ahadi za kilomita 10. Siku ya tukio mtoto wa mchangiaji mmoja alitembea na simu yake ikihesabu, akafika mwisho inasema 8.6. Baba yake akatupigia, kwa upole kabisa, akauliza zile kilomita moja na nukta nne tulizitembea wapi. Hatukuwa na jibu. Tuliwaandikia wachangiaji wote wa kwa kilomita kwamba walipie 8 tu, na kwa wale waliokwisha lipa tukarudisha tofauti. Pesa iliyopungua haikuwa nyingi. Kazi ya kuirudisha kwa mtu mmojammoja ndiyo ilitutoa jasho.

Tangu hapo tuna sentensi tatu ambazo haziondoki kwenye kadi ya ahadi. Ya kwanza: kilomita zinazohesabiwa ni zile zilizogongwa mhuri kwenye kadi ya mihuri, ile ya karatasi anayoibeba mtembeaji njiani, na mihuri iko kilomita ya 2, 4, 6 na 8. Aliyeishia kati ya 6 na 8 anahesabiwa 6. Ya pili: kamati ikifupisha njia kwa sababu ya mvua au usalama, ahadi inalipwa kwa kilomita zilizotembewa, ila mchangiaji akipenda kulipa zote anakaribishwa. Mnaweza kuamua kinyume chake, lakini amueni kabla ya mvua, si baada. Ya tatu: matembezi yakiahirishwa, ahadi inahamia tarehe mpya, na aliyekwisha lipa anaweza kurudishiwa akiomba ndani ya siku kadhaa mtakazozitaja.

Kuhusu kukusanya, ahadi ni kama uji, hupoa. Ya mkupuo iombwe papo hapo, siku ya kuandika. Haina sababu ya kusubiri, kwa kuwa haitegemei kilomita. Ya kwa kilomita ipewe siku 14 baada ya matembezi na tarehe ya mwisho iandikwe kwenye kadi kwa tarakimu. Mkiandika "haraka iwezekanavyo" mtajikuta mwezi wa tatu bado mnakumbushana. Pesa iingie kwenye akaunti yenye jina la kikundi. Isiingie kwenye simu ya mtu, hata awe mweka hazina mwaminifu kiasi gani, kwa sababu siku simu ikiibiwa hakuna atakayeamini maelezo yake. Fedha taslimu ihesabiwe na watu wawili na wote wawili watie saini.

Na mseme pesa inakwenda kununua nini. Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyepoteza mguu kwa saratani, alipokuwa akikimbia kuivuka nchi yake mwaka 1980 aliomba dola moja kwa kila Mkanada kwa ajili ya utafiti wa saratani. Ombi lote lilikuwa limo katika sentensi moja, na mtoto wa shule aliweza kulirudia nyumbani bila kulikosea. Ugonjwa ulimrudia, ikambidi asimame kabla ya kufika mwisho, lakini kufikia Februari 1981 michango ilikuwa imepita dola milioni 24, kama idadi ya Wakanada wenyewe wakati ule. Ninyi hamtafika huko, wala hakuna aliyewatuma huko. Lakini ombi lenu nalo liwe la sentensi moja ya namna ile: nani anapokea, kwa kitu gani, na gharama za matembezi zinatoka mfuko upi. Kama ada ya kujiandikisha ndiyo inayolipia maji na fulana, semeni, ili mchangiaji ajue kwamba ahadi yake haikunywewa njiani.

Usalama. Hapa kosa kubwa ni kuweka mpango mzima wa usalama kwenye kadi. Mpango ni wenu, karatasi ndefu, ina namba za gari la wagonjwa na majina ya waelekezi. Kadi ni ya mtembeaji, na mtembeaji anahitaji kujua mambo manne au matano ambayo yeye mwenyewe atayafanya. Abaki kwenye njia ya miguu. Palipo na kivuko asubiri ishara. Asizibe masikio yote mawili. Akijisikia vibaya akae chini na amwambie aliye karibu. Apige namba hii, na ataje herufi ya kibao alichokipita mwisho.

Zile herufi zinaingia hapa. Mtu aliyeishiwa nguvu hajui jina la barabara aliyopo. Akiulizwa "uko wapi" atasema "karibu na mti". Lakini anaweza kusema "nimepita E, sijafika F", na mwenye gari anajua aingie upande gani, kwa kuwa mlishakagua ni herufi zipi gari linaweza kuzifikia. Namba hiyo ya simu ishikwe na mtu asiyetembea, aliyekaa kwenye meza, chaji imejaa. Niliwahi kuona namba ya dharura ikiita ndani ya mfuko wa mtu aliyekuwa anapiga ngoma mbele ya msafara.

Kuhusu waelekezi niseme moja tu. Mtu mwenye fulana inayong'aa hana mamlaka ya kusimamisha magari mahali pengi duniani. Kazi yake ni kuwasimamisha watembeaji. Penye magari mengi ombeni askari wa usalama barabarani, na muombe mapema, kwa barua. Mwelekezi wa mwisho kabisa, mfunga msafara, asimpite mtu yeyote kwa sababu yoyote, na yeye ndiye anayetoa taarifa kwamba kibao fulani sasa kinaweza kung'olewa.

Jua nalo. Mtu akitoka jasho jingi, kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu, huyo apelekwe kivulini, alegeze nguo, anywe maji polepole, na kwake matembezi yamekwisha. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akiyumba kama mlevi au akianguka, hiyo ni hatari ya maisha. Itwe gari la wagonjwa na aanze kupozwa kwa maji mwilini papo hapo, bila kusubiri gari lifike. Hili la pili si la kwenye kadi ya mtembeaji, kwa sababu mtu wa hali hiyo hawezi kujitambua. Ni la waelekezi, na walifanyie mazoezi. Kwenye kadi andikeni tu: "Kunywa unaposikia kiu." Wapo wanaoambiwa wanywe kila wakati, wakajaza maji kupita kiasi, na hayo nayo hudhuru.

Vitu vya kubeba, kama nilivyoahidi, haraka. Viatu ulivyokwisha vizoea. Kiatu kipya kilichonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo ndicho chanzo cha malengelenge mengi kuliko njia yenyewe. Soksi, kofia, chupa ya maji ya kujaza tena vituoni. Dawa zako binafsi, na hapa tajeni kwa jina pampu ya pumu, kwa sababu watu huiacha nyumbani wakidhani ni matembezi tu. Karatasi ya ahadi ibaki nyumbani, isije ikalowa. Kadi ya mihuri ndiyo ya kubeba. Na nyuma ya namba ya kifuani uandike simu ya ndugu wa karibu. Begi kubwa usije nalo, hakuna pa kulihifadhi. Basi.

Kadi ya mwisho ni ya kujiandikisha, na hapa kuna mtego mdogo ambao vijana wetu huuingia kila mwaka. Wanaandika anwani ya fomu ndani ya picha. Picha haibonyezeki. Mtu anaigusa kwa kidole, haiendi popote, anakata tamaa. Wengine wanaweka ule mraba wa QR. Ni mzuri kwenye bango la ukutani, lakini mraba ukiwa ndani ya simu yako, utaupiga picha kwa simu gani? Simu nyingine zina njia ya kuusoma ukiubonyeza kwa muda, ila msitegemee kwamba mjomba anaijua. Kwa hiyo kiungo kiandikwe kwenye maelezo yanayoambatana na kadi, pale kinapobonyezeka, na ndani ya kadi iwepo namba ya simu ya kujiandikisha kwa ujumbe mfupi. Anayetumia ujumbe aambiwe aandike nini hasa: jina, umri, fungu analotaka, simu ya ndugu.

Fomu yenyewe iulize machache. Jina, simu, rika, simu ya dharura, fungu, na nafasi ya hiari ya kueleza hali ya afya. Namba ya kitambulisho hamuihitaji, msiiombe. Mkiikusanya mna wajibu wa kuilinda. Aliye chini ya miaka 18 aandikishwe na mzazi au mlezi, na swali la ruhusa ya kupigwa picha liwe na kisanduku chake peke yake, lisifichwe ndani ya masharti. Kikundi cha watu kumi kikija na kiongozi wake, kila mmoja awe na mstari wake. Tuliwahi kuandikisha "kwaya, watu 15", na siku ile tukakaa na namba kumi na tano bila kujua nani yuko njiani na nani hakuja.

Tarehe ya kufunga iwe siku saba kabla. Si kwa ukali, ni kwa sababu idadi ndiyo inayoamua mafungu, maji na waelekezi. Mkitoka watu 120 mkaingia 200, ile hesabu ya kivuko tuliyoifanya hapa haipo tena, mnahitaji mafungu saba.

Jambo la mwisho kabla hatujaanza kazi. Kadi zikishatoka hazirudi. Mkibadili mahali pa kukutania, kadi ya zamani itaendelea kuzunguka kwenye makundi ya watu msiowajua mpaka siku ya tukio. Kwa hiyo pembeni mwa kila kadi andikeni tarehe ya toleo, kwa herufi ndogo lakini zisomeke, na kadi mpya iwe na rangi tofauti kabisa na ya zamani ili mtu akiulizwa "unayo ya njano au ya kijani?" aweze kujibu kwa simu. Na mahali pale pa zamani mweke mtu mmoja asubuhi ile, amesimama na kibao. Sisi wetu alipokea watu kumi na mmoja.

Karatasi za ahadi ziko kwenye meza ile, na kalamu. Tugawane watu watatuwatatu. Mmoja awe mtembeaji, mmoja mchangiaji mwenye haraka, mmoja aandike. Mchangiaji aseme "niandikie ishirini", tuone nani atakumbuka kumuuliza ishirini ya nini.